Nimezawadiwa usajili wa mwaka mzima, lakini akaunti yangu inalipiwa kupitia simu. Nifanyeje nisipoteze kitu?

NuruK — tarehe 3, saa 2 usiku

Wadau, naomba msaada kabla sijabonyeza kitu nikajuta.

Nina akaunti kwenye huduma moja ya vitabu vya kusikiliza, mwaka wa nne sasa. Nalipia kila mwezi, wanakata tarehe 18. Leo kaka yangu kaninunulia usajili wa miezi 12 kama zawadi, nimepata barua pepe yenye kiungo. Nikakifungua kwenye kompyuta, nikaingia na akaunti yangu, nikabonyeza `Redeem`. Ikakataa. Ujumbe unasema usajili wangu unatozwa kupitia Apple, kwa hiyo zawadi haiwezi kuwekwa kwenye akaunti hii.

Kaka yangu ametoa hela yake na mimi naonekana kama sitaki zawadi. Ninachoogopa zaidi ni orodha yangu. Nina vitabu zaidi ya mia nilivyovihifadhi, na vingine nimeishia katikati. Nikifuta usajili, vyote vitapotea? Au nifungue akaunti nyingine mpya tu niingize zawadi huko?

---

Mzee wa Vifurushi — tarehe 3, saa 3 usiku

Dada Nuru, usihangaike. Miezi inajumlishana. Mwaka jana nilipewa miezi 6 wakati bado nina usajili wangu, nikaingiza namba, tarehe ya malipo ikasogea mbele miezi 6, kazi ikaisha. Jaribu tena kesho, huenda mtandao wao ulikuwa na shida. Ikikataa tena, futa programu kwenye simu, ipakue upya, ingiza.

---

Karani wa Malipo — tarehe 3, saa 4 usiku

Mzee, ulichosema ni kweli kwa hali yako, ila hali ya dada ni tofauti. Nimefanya kazi miaka sita kwenye dawati la malipo la huduma za usajili, na hili ndilo swali lililokuwa linatujia kuliko yote baada ya sikukuu.

Wewe ulikuwa unalipa moja kwa moja kwa huduma yenyewe. Wao ndio wanaoshika kalenda yako ya malipo, kwa hiyo wakipokea zawadi wanaisogeza tarehe tu. Dada Nuru alijisajili ndani ya programu kwenye iPhone. Kalenda yake iko mikononi mwa Apple. Huduma ya vitabu inapewa taarifa tu kwamba huyu amelipa au hajalipa, haina uwezo wa kuiambia Apple "msimkate miezi 12". Wangeikubali zawadi, miezi ya kaka ingekuwa inatembea huku, na tarehe 18 Apple wanakata kama kawaida kule. Angelipiwa mara mbili kwa kitu kimoja. Kwa hiyo dada, kule kukataliwa kumekuokoa. Nimeona huduma ambazo hazikatai, na mteja anagundua baada ya miezi minne.

Na kufuta programu hakusimamishi usajili hata siku moja. Hilo ni kwa App Store na kwa Google Play vilevile. Usajili unakaa kwenye akaunti ya duka, programu ni mlango tu.

Naomba unijibu mambo mawili. Kwanza, hicho kiungo umeshakifungua ukiwa na akaunti nyingine yoyote? Pili, kaka yako alinunua kwenye tovuti ya huduma hiyohiyo, au alinunua kadi ya duka la programu?

---

Babu Tano — tarehe 4, saa 12 asubuhi

Mwanangu Nuru, kadi zikikataa mara nyingi ni kukwangua vibaya. Angalia nyuma ya kadi, namba ya Apple ina herufi na tarakimu 16, inaanza na X. Mimi nilikwangua kwa kisu nikafuta herufi mbili. Nikaambiwa kuna namba nyingine ya kadi yenyewe, inaanza na GCA, ukiwapa hiyo pamoja na risiti wanaweza kukusaidia. Na kama dukani hawakuipitisha kwenye mashine wakati wa kulipa, kadi inakuwa haijawashwa, itakataa hata ukiisoma vizuri. Hiyo unairudisha ulikoinunua.

---

NuruK — tarehe 4, saa 2 asubuhi

Shikamoo Babu. Asante, ila yangu si ya kukwangua, ni kiungo kwenye barua pepe.

Karani, sijakifungua na akaunti nyingine. Kaka alinunua kwenye tovuti ya huduma yenyewe, nimemwomba risiti, anayo.

---

Karani wa Malipo — tarehe 4, saa 3 asubuhi

Babu, shikamoo, umenisaidia kueleza jambo ambalo watu wengi wanalichanganya. Kadi unayoisema ni ya salio. Hii ya dada ni ya miezi. Kaka yake angemletea kadi ya Apple, leo tusingekuwa na uzi huu. Angeiingiza kwenye akaunti yake ya Apple, salio lingekaa pale, na tarehe 18 Apple wangelikata salio kwanza kabla ya kugusa kadi ya benki. Hakuna cha kusimamisha. Zawadi ya salio inafuata duka linalokutoza. Zawadi ya miezi inataka huduma yenyewe ndiyo iwe inakutoza, au usiwe unatozwa na mtu yeyote.

Wenye mashaka nani anawatoza, angalieni taarifa ya benki. Ikiandikwa `APPLE.COM/BILL`, ni Apple. Ikianza na `GOOGLE *`, ni Google Play. Ikiwa ni jina la huduma, unalipa moja kwa moja. Na kama huoni kitu benki lakini huduma inaendelea, huenda imo ndani ya kifurushi cha kampuni ya simu, au mtu mwingine kwenye familia ndiye analipa.

Sasa dada, usifungue akaunti mpya. Orodha yako haihami. Utaratibu wako ni huu.

Kwenye iPhone ingia `Settings`, gusa jina lako juu kabisa, kisha `Subscriptions`, chagua hiyo huduma, halafu `Cancel Subscription`. Fanya leo au kesho. Apple wanataka usimamishe angalau saa 24 kabla ya siku ya kukata, kwa hiyo tarehe 17 tayari ni kucheza na moto. Ukishasimamisha, utaona pale pale tarehe ya mwisho imeandikwa. Utaendelea kusikiliza mpaka hiyo 18, kwa sababu umeshailipia. Siku zilizobaki hazirudishwi fedha, kwa hiyo zitumie.

Tarehe 18 ikipita, akaunti yako haifutwi. Inarudi kuwa akaunti isiyolipiwa. Jina lako, orodha na alama za ulipoishia kwa kawaida vinabaki kwenye kompyuta zao. Vinavyofungwa ni vile ulivyopakua kwenye simu. Hata hivyo piga picha ya skrini ya orodha yako, hasa vile ulivyofika katikati. Mimi sijui masharti ya huduma yako, na picha hiyo ni dakika tano tu.

Tarehe 19 ndipo unaingiza zawadi. Ila kabla hujasimamisha, angalia mambo mawili. Kwenye risiti au barua ya zawadi, kuna tarehe ya mwisho ya kuitumia? Ikiwa ni kabla ya 19, andikia huduma kwa wateja kwanza. La pili ni bei. Wewe ni wa miaka minne. Huduma nyingi zikipandisha bei zinawaacha wateja wa zamani kwenye bei ya zamani. Ukitoka, ile bei hairudi. Kama unalipa bei ya zamani, piga hesabu kama mwaka wa bure unafidia kupanda kwa bei kwa miaka inayofuata.

---

Mtoro wa Usiku — tarehe 4, saa 7 mchana

Natamani uzi huu ungekuwepo miezi minne iliyopita. Mimi nilifanya kile ambacho dada Nuru alitaka kukifanya, ila bila kujua.

Dada yangu alinitumia zawadi ya miezi 12 ya huduma ya filamu. Nikafungua kiungo kwenye simu, kikaniletea ukurasa wa kuingia, nikabonyeza kile kitufe cha kuingia kwa haraka badala ya kuandika barua pepe na nywila. Ikaniambia karibu, zawadi imewekwa. Nikafurahi. Mwezi uliofuata benki wamekata kama kawaida. Nikafungua kwenye runinga, hakuna zawadi. Kumbe nilitengeneza akaunti ya pili kabisa. Zawadi iko kule, historia yangu na wasifu wa watoto viko huku. Huduma kwa wateja wameniambia haihamishiki. Miezi minane imebaki kule.

Sasa hivi natumia akaunti ile mpya kwenye simu, na ya zamani nimeisimamisha. Watoto wanalalamika kila siku.

---

Karani wa Malipo — tarehe 4, saa 8 mchana

Pole sana ndugu. Hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Ukiingia kwa kitufe cha Apple na ukachagua `Hide My Email`, huduma haipati barua pepe yako halisi. Inapewa anwani ya kubuniwa inayoishia na `@privaterelay.appleid.com`. Kwa huduma, wewe ni mtu mgeni kabisa, wanakufungulia akaunti mpya bila kuuliza. Hata kitufe cha Google kinaweza kukuletea hilo kama kwenye simu una barua pepe mbili na ukachagua ile ambayo siyo. Fungua akaunti zako zote mbili, linganisha barua pepe iliyoandikwa kwenye ukurasa wa akaunti. Utaona.

Kuhamisha miezi kutoka akaunti moja kwenda nyingine, mfumo wenyewe mara nyingi hauna kitufe hicho. Mhudumu wa kwanza hakudanganyi. Ila kuna njia nyingine, na hii tulikuwa tunaifanya: zawadi inafutwa kwenye akaunti iliyokosewa na mnunuzi anapewa mpya ya muda uliobaki. Hiyo inaombwa na mnunuzi, kwa sababu risiti na namba ya oda ni zake. Mwambie dada yako aandike yeye, ataje namba ya oda, ataje barua pepe zote mbili, aeleze kwamba zote ni za mtu mmoja. Siahidi. Kwetu ilitegemea msimamizi wa zamu na muda uliopita, na miezi minne ni mingi.

---

Safari Njema — tarehe 5, saa 4 asubuhi

Nami nina langu. Shangazi anaishi nchi nyingine, kanitumia kadi ya duka la programu la simu, kapiga picha namba akanitumia. Naingiza, inaniambia haitumiki katika nchi yangu. Namba ni nzuri, imewashwa, ana risiti. Nifanyeje?

---

Mzee wa Vifurushi — tarehe 5, saa 5 asubuhi

Safari, badilisha nchi kwenye akaunti yako, weka ya shangazi, ingiza kadi, halafu rudisha. Watu wanafanya hivyo.

---

Karani wa Malipo — tarehe 5, saa 7 mchana

Safari, tafadhali usifanye hivyo kabla hujasoma hii.

Kadi ya salio imefungwa kwa nchi iliyouzwa. Apple hivyo, Google Play hivyo, PlayStation hivyo, na kwa Amazon kadi ya tovuti moja haiingii kwenye tovuti ya nchi nyingine. Kubadilisha nchi si kama kubadilisha lugha. Kwa Apple, unatakiwa kwanza umalize salio lote na usajili wote uliopo uishe, na uwe na njia ya malipo ya nchi hiyo mpya. Kwa Google Play, unaruhusiwa kubadilisha mara moja tu kwa mwaka, na salio la nchi ya zamani linabaki kulekule, hulioni ukiwa nchi mpya. Yaani unaingiza kadi ya shangazi, unarudi nchini kwako, na salio linabaki nyuma hadi mwaka upite. Kwa PlayStation nchi ya akaunti haibadilishwi kabisa, watu wanafungua akaunti nyingine.

Maadamu hujafanikiwa kuiingiza, kadi bado ina thamani. Mrudishie shangazi aitumie mwenyewe au ampe mtu aliye nchi ileile. Na zile picha za namba, zifuteni kwenye mazungumzo ya simu. Namba ya kadi ni hela taslimu, atakayeiona wa kwanza ndiye mwenyewe.

Dada Nuru, hili linakuhusu pia. Kama kaka alinunua akiwa nchi nyingine, soma masharti ya zawadi kabla hujasimamisha chochote.

---

NuruK — tarehe 5, saa 2 usiku

Kaka yuko nchi hiihii, alhamdulillah. Nimesoma barua yote mpaka maandishi madogo, zawadi inadumu mwaka mmoja kabla ya kutumika, kwa hiyo 19 hainipi wasiwasi. Bei yangu ni sawa na ya wateja wapya, nimelinganisha. Nimesimamisha usiku huu. Imeandikwa inaisha tarehe 18. Nimepiga picha za skrini kumi na nne.

Moyo unadunda kidogo. Nitaleta mrejesho.

---

Babu Tano — tarehe 6, saa 1 asubuhi

Karani, nami nimejifunza. Nilikuwa nadhani kadi ni kadi. Mjukuu wangu ananidai zawadi ya kuzaliwa na nilishataka kumnunulia miezi ya muziki. Yeye yumo kwenye kifurushi cha familia cha baba yake. Itaingia?

---

Karani wa Malipo — tarehe 6, saa 3 asubuhi

Babu, hapo subiri. Kadi za Spotify, kwa mfano, ni za Premium ya mtu mmoja tu. Aliye kwenye kifurushi cha familia, cha wawili au cha wanafunzi haiwezi kuingia kwenye akaunti yake akiwa humo. Atalazimika kutoka kwenye familia kwanza, na hapo utakuwa umemnunulia kitu ambacho baba yake anamlipia tayari. Mwulize baba yake duka gani la programu mtoto anatumia, umnunulie salio la duka hilo. Salio halimgombanishi na mtu.

---

NuruK — tarehe 20, saa 3 usiku

Mrejesho, wadau.

Tarehe 18 jioni bado nilikuwa nasikiliza. Tarehe 19 asubuhi nikafungua programu, imefunga, inataka nilipie. Orodha ipo yote! Vitabu nilivyopakua vilikuwa vimefungwa, kama Karani alivyosema.

Nikaenda kwenye barua pepe kwenye simu, nikagusa kiungo, na nusura niingie mtego wa Mtoro. Kilifunguka ndani ya programu ya barua pepe, ukurasa haunitambui, na kitufe cha haraka kiko juu kikubwa kabisa. Nikafunga. Nikanakili kiungo, nikaenda kwenye kompyuta ambako nilikuwa nimeshaingia kwenye akaunti yangu, nikahakikisha barua pepe yangu inaonekana juu ya ukurasa, ndipo nikakibandika. `Redeem`. Ikakubali. Malipo yajayo yameandikwa tarehe 19 ya mwezi huuhuu, mwaka ujao.

Walinidai namba ya kadi ya benki kabla ya kukubali. Nikaiweka, kisha nikaenda kuzima usajili usijihuishe wenyewe. Kabla ya kuthibitisha ilionyesha kwamba miezi 12 inabaki, ndipo nikabonyeza.

Limebaki moja. Usajili wangu wa zamani ulikuwa unaruhusu watu wawili kusikiliza kwa wakati mmoja, mimi na binti yangu. Wa zawadi ni wa mtu mmoja. Jana nikiwa nasikiliza, yeye akafungua, mimi nikakatwa. Kuna kitufe cha kupandisha kifurushi. Nikikibonyeza, miezi yangu inakuwaje?

---

Karani wa Malipo — tarehe 20, saa 4 usiku

Hongera sana dada. Kosa ni langu, nilipaswa kukuuliza zawadi ni ya daraja gani kabla hujasimamisha. Sikulifikiria.

Kuhusu kitufe, hapa huduma zinatofautiana na sitaki kukubahatishia. Zawadi ikishikwa kama salio, mfano Netflix, ukipanda daraja salio linakatwa kwa bei kubwa zaidi, linakwisha mapema. Zikiwa ni miezi, nimeona namna tatu: wengine wanakutoza tofauti kila mwezi, wengine wanaigeuza miezi 12 kuwa michache ya daraja la juu, na wengine wanakuambia subiri zawadi iishe. Usibonyeze kwanza. Waandikie, uliza swali moja tu: "Nikipandisha leo, tarehe yangu ya malipo yajayo itakuwa lini, na mtanikata kiasi gani leo?" Subiri jibu la maandishi.

---

Mzee wa Vifurushi — tarehe 20, saa 5 usiku

Nimeangalia yangu baada ya kusoma haya. Kumbe nilipopandisha mwaka jana, ile miezi 6 ilikuwa imegeuka 4. Sikuwahi kujua, nilidhani nimehesabu vibaya.

---

NuruK — tarehe 21, saa 2 asubuhi

Nimewaandikia. Binti amekubali kusikiliza asubuhi, mimi usiku, mpaka wajibu.

---

Mtoro wa Usiku — tarehe 21, saa 6 mchana

Dada yangu aliandika kama ulivyosema, Karani. Safari hii hawakukataa. Wanataka namba ya oda na tarakimu nne za mwisho za kadi aliyolipia, na kadi hiyo imeshakwisha muda, amepewa nyingine. Anatafuta taarifa ya zamani ya benki.